Jasho la Kaskazi na Choo Kigumu cha Saidia Fundi

Siku ya kumwaga zege haina mapumziko. Mashine ikishaanza kuzunguka, makarai yanapokezanwa mkono kwa mkono mpaka sakafu ijae, kwa sababu zege likiachwa katikati huweka mshono dhaifu. Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, kazi hiyo hufanyika kwenye joto la nyuzi 31 au 32 kivulini, na kwenye zege kivuli hakuna. Saidia fundi anarudi nyumbani shati limekauka mwilini, mgongoni kumechoreka ramani nyeupe ya chumvi. Siku ya tatu au ya nne ndipo anapoanza kulalamika kwamba tumbo limejaa, kwamba anachuchumaa chooni muda mrefu, na kwamba kinachotoka ni vidonge vigumu mithili ya mavi ya mbuzi, pengine na tone la damu.

Kijiweni ushauri ni mmoja tu: kunywa maji. Naye ananywa. Jioni anamaliza chupa mbili kubwa kwa mkupuo, usiku anaamka mara tatu kukojoa, asubuhi choo ni kilekile. Hapo huamua kwamba tumbo lake ni bovu, akaenda kununua dawa ya kuendesha. Nadhani tumbo lake ni zima kabisa, linafanya kazi liliyoagizwa. Tatizo liko kwenye deni la maji na chumvi aliloliweka mchana, na namna anavyojaribu kulilipa.

Tuanze na tumbo lenyewe. Kwa siku moja, mate, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo, vikijumlishwa na anachokula na kunywa mtu, hufika lita 8 hadi 9. Utumbo mwembamba huyarudisha mengi kwenye damu, ikabaki lita moja na nusu hivi inayoingia utumbo mpana. Huko nako hunyonywa tena, hata choo cha kawaida kikatoka na mililita 100 hadi 200 peke yake. Maji hayo machache ndiyo yanayofanya choo kiwe laini, maana choo cha kawaida ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Yakipungua kidogo tu, choo hubadilika kutoka ndizi laini kuwa gogo lenye nyufa, halafu vidonge.

Sasa mtu anapotoka jasho, anapoteza maji na chumvi pamoja. Mwili unahisi upungufu huo kwa njia mbili. Ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zizuie maji, ndiyo maana mkojo wa mchana unakuwa mchache na wa rangi nzito. Na tezi zilizokaa juu ya figo hutoa homoni nyingine, aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuokoa sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayoshikilia maji ndani ya damu. Aldosteroni huziambia figo zirudishe sodiamu, huziambia tezi za jasho zipunguze kuitoa, na agizo hilohilo hulipeleka kwenye utumbo mpana. Sodiamu ikivutwa kutoka kwenye choo, maji huifuata. Kwa hiyo ile ramani nyeupe mgongoni na vile vidonge vya chooni vina mzizi mmoja. Mwili uliopoteza chumvi kwenye ngozi unaikamua kutoka kila mahali inapopatikana, na choo kimekaa kwenye utumbo mpana saa nyingi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo kinakamuliwa sawasawa.

Kwamba maji machache peke yake yanatosha kukaza choo, hilo limepimwa. Mwaka 1990 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wanaume wanane wenye afya, ambao wiki moja walikunywa lita mbili na nusu kwa siku na nyingine chini ya nusu lita. Katika wiki ya maji machache walikwenda haja mara chache zaidi, na choo kikapungua uzito. Lakini lipo la upande wa pili ambalo wauza maji hawalisemi: mtu ambaye mwili wake hauna upungufu hapati choo laini kwa kuongeza maji. Ziada inageuka mkojo. Karani anayekaa kwenye kiyoyozi kutwa, asiyetoka jasho, atafute sababu ya choo chake kigumu kwenye chakula na kwenye kukaa. Maji ni dawa ya aliyepungukiwa maji, na huyu wa kwenye zege kapungukiwa kweli.

Kapungukiwa kiasi gani? Hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, inahitaji mizani tu, hata ile ya duka la nafaka. Tuseme kijana ana kilo 62 asubuhi kabla ya kazi, akiwa na nguo nyepesi na ameshakojoa. Jioni, akiwa amejifuta jasho na kuvaa nguo kavu zilezile za asubuhi, ana kilo 60.2. Amepungua kilo 1.8. Katikati ya hapo alikunywa lita 2.2, akala chakula cha gramu 700 hivi, akakojoa kama mililita 300, haja kubwa hakwenda. Jumlisha alichopungua na alichoingiza, toa mkojo: 1.8 na 2.2 na 0.7 ni 4.7, ukitoa 0.3 unabaki na 4.4. Takriban lita nne na nusu zimetoka kwa jasho, pamoja na kidogo kilichotoka kwa pumzi. Na zile kilo 1.8 alizorudi bila nazo ni karibu asilimia 3 ya uzito wa mwili wake. Ukipita asilimia 2 kazi inazidi kuwa nzito, moyo unakwenda mbio, na hata akili ya kupima kwa kamba na timazi inapungua.

Chumvi iliyotoka humo ni nyingi. Jasho la watu hutofautiana sana, ila kwa mtu wa katikati lita moja hubeba zaidi kidogo ya gramu mbili za chumvi ya mezani. Lita nne na nusu ni kama gramu 10, sawa na vijiko viwili vya chai. Mgeni wa kazi hupoteza zaidi ya mkongwe. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na ukishazoea hutoa jasho jingi zaidi lakini lenye chumvi kidogo. Ndiyo sababu kijana aliyeshuka jana kutoka Njombe au Makete kwenye baridi, akaingia saiti ya Mbezi mwezi Januari, huugua mapema kuliko wenzake, na watu humwona mlegevu. Ni haki yake kuanza na nusu ya mzigo katika siku zile za kwanza.

Unyevu wa pwani unaongeza ukali. Jasho hupoza mwili likigeuka mvuke juu ya ngozi. Hewa ikishajaa unyevu, jasho halikauki, linadondoka chini, na jasho lililodondoka limetoka bure. Mwili unazidi kumwaga. Fundi wa Dodoma anakauka shati na hajui ametoka jasho kiasi gani. Wa Dar es Salaam anakamua shati. Wote wawili wana deni.

Turudi kwenye zile chupa mbili za jioni. Maji matupu yakiingia kwa wingi ndani ya nusu saa huizimua damu. Ubongo unaona damu imekuwa nyepesi, unaifunga ile homoni ya kuzuia maji, figo zinafungulia. Kiu inakatika kabla mwili haujajaa. Hivyo mtu anakojoa maji meupe usiku huku bado ana upungufu, kwa sababu chumvi ya kuyashikilia maji hayo haikuja. Aldosteroni inabaki juu, na usiku kucha utumbo mpana unaendelea kukamua. Anayelipa deni la maji bila chumvi analipa nusu tu.

Kulipa kunaanza kabla ya kazi. Kijana wetu akiamka anywe nusu lita taratibu, na kifungua kinywa kiwe na chumvi: supu, au mihogo ya kuchemsha iliyotiwa chumvi, au chapati na maharage. Chai ya rangi na andazi la sukari havileti chumvi ya maana, ingawa chai yenyewe haikaushi mwili kama wengi wanavyoamini. Kikombe kimoja au viwili ni maji kama maji mengine. Kwenye saiti, kipimo ambacho taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, NIOSH, imekiweka kwa wafanyakazi wa kwenye joto ni kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kwa saa moja hiyo ni robo tatu ya lita mpaka lita moja. Kumbe kikombe kidogo mara nyingi hunyonywa vizuri kuliko chupa nzima mara moja, na hakijazi tumbo la mtu anayeinama. Taasisi hiyohiyo inaonya usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Kunywa maji mengi kuliko jasho linalotoka huizimua damu mpaka kichwa kinauma, mtu anatapika na kuchanganyikiwa, na wenzake hudhani ni joto, wanamwongezea maji. Mtu aliyevimba vidole, aliyekunywa maji mengi kutwa na anayekojoa meupe, asiongezewe maji. Apelekwe hospitali.

Kwa kazi inayozidi saa mbili na jasho linalodondoka, sehemu ya kinywaji iwe na chumvi na sukari. Pakiti ya ORS ya dukani, ile ya kuharisha, inafaa, ikikorogwa kwa lita moja kamili ya maji safi kama ilivyoandikwa. Isipopatikana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Nusu kijiko hicho ni kama gramu mbili na nusu hadi tatu za chumvi, karibu sawa na iliyotoka katika lita moja ya jasho. Sukari haipo kwa ajili ya utamu. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi zikiwa pamoja, na zikipita zinavuta maji. Ni ugunduzi uliookoa watu wengi mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis alipowanywesha wakimbizi wenye kipindupindu maji ya chumvi na sukari kambini Bongaon, mpakani mwa India na Bangladesh, dripu zilipokuwa zimeisha. Kuongeza chumvi kwa kukisia ni hatari. Onja: kinywaji kisiwe na chumvi kuliko machozi. Kikiwa na chumvi zaidi kinavuta maji kutoka mwilini kuyapeleka tumboni, mtu akaharisha na deni likakua.

Lita moja au mbili za namna hiyo kwa siku ya zege zinatosha, mengine yakiwa maji ya kawaida, na chumvi iliyobaki itoke kwenye sahani ya mama lishe. Hapa mchuzi una kazi kubwa. Kijana anayeacha mchuzi na kula ugali mkavu na kipande cha samaki anaacha maji na chumvi kwenye bakuli. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi ambayo misuli na utumbo huihitaji, ila sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo dafu liandamane na kitu chenye chumvi, karanga za kukaanga au muhogo. Soda haifai kama kinywaji cha kazi: sukari yake ni nyingi mno, hukaa tumboni, na chumvi karibu haina. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari ileile na kafeini juu yake. Vinaficha uchovu ambao ndio onyo.

Jioni kijana wetu ana deni la kilo 1.8. Anayetaka kulilipa lote anahitaji kunywa mara moja na nusu ya uzito aliopoteza, kwa sababu sehemu itatoka kwa mkojo hata hivyo. Hiyo ni lita 2.7, ikigawanywa tangu saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, pamoja na chakula chenye mchuzi na chumvi. Asubuhi ajipime. Akiwa kilo 61.5 hadi 62, na mkojo wa kwanza una rangi ya majani makavu hafifu, amelipa. Akiwa kilo 61 na mkojo kama chai, anaanza siku mpya akiwa na deni la jana, na hivyo ndivyo siku ya nne inavyozaa vidonge.

Asitegemee choo kulainika asubuhi hiyohiyo. Kinachotoka leo kililiwa jana au juzi, pengine siku tatu nyuma, na kilichokwisha kaushwa hakirudishiwi maji. Siku ya pili au ya tatu ya kunywa sawasawa ndiyo ya kutazama. Madaktari Stephen Lewis na Ken Heaton wa Bristol, Uingereza, walichapisha mwaka 1997 kipimo cha aina saba za choo kinachotumika hospitalini hadi leo. Aina ya kwanza ni vidonge vilivyoachana, ya pili ni gogo lenye mabonge, ya tatu na ya nne ndizo za kawaida. Kijana akitoka aina ya kwanza akafika ya tatu ndani ya siku tatu, sababu ilikuwa jasho. Akibaki palepale huku mkojo wake ni mweupe, basi maji hayakuwa tatizo lake, au hayakuwa peke yake.

Mara nyingi hayakuwa peke yake. Maji yanahitaji kitu cha kuyashika ndani ya choo, nacho ni makapi ya chakula. Ugali wa sembe nyeupe kila siku mchana na usiku, na nyama kidogo, una makapi machache. Dona, maharage, mchicha, matembele, embe na papai yanashika maji na kuongeza ujazo, utumbo ukapata cha kusukuma. Ila mtu aliyekauka akirundika makapi bila maji anaongeza ugumu, kwa hiyo deni lilipwe kwanza. Pia kuna dawa za mgongo. Tramado, ambayo vijana wengine huinunua bila cheti ili wabebe mzigo, hulaza utumbo kabisa. Diklofenaki haikazi choo namna hiyo, lakini kwa mtu aliyekauka kwa jasho inaumiza figo, na hilo ni baya kuliko choo.

Halafu kuna jambo ambalo nimeliona linapuuzwa kuliko yote: saiti nyingi hazina choo. Haja kubwa ina wakati wake, hasa baada ya kifungua kinywa, utumbo unapojisukuma wenyewe. Kijana anakunywa chai saa moja, haja inamjia saa mbili akiwa kwenye jukwaa, anaibana. Haja ikibanwa inarudi nyuma na wito unapotea, na choo kinabaki kwenye utumbo ule unaokamua, saa nane nyingine. Jioni kimeshakuwa gogo, kinachana njia, na kesho yake anaogopa maumivu, anabana tena. Wanawake wanaobeba maji na kokoto wanafanya baya zaidi: hawanywi maji kabisa ili wasihitaji kujisitiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke maji ya kunywa na vyoo. Msimamizi anayeleta madumu ya maji bila kuchimba choo ameleta nusu ya tiba, maana anayejua hana pa kwenda hatayanywa.

Ramadhani inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa katika miaka hii imeangukia Februari na Machi, kilele cha joto la pwani. Mfungaji hawezi kunywa kila dakika 20. Kilichomo mikononi mwake ni usiku: afuturu kwa uji au supu yenye chumvi na tende, agawanye maji mpaka daku, na daku lisiachwe kwa ajili ya usingizi. Daku la chakula chenye chumvi ya wastani na mchuzi hushikilia maji kuliko maji matupu yaliyonywewa kwa hofu dakika ya mwisho. Kazi za zege zisogezwe alfajiri. Na anayeanza kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu afungue. Dini yenyewe imempa ruhusa.

Kuhusu dawa za kuendesha, nina neno moja kali. Chumvi ya haluli inafanya kazi kwa kuvuta maji kutoka kwenye damu kuyamwaga utumboni. Kwa mtu mwenye deni la lita mbili, hayo ni maji ya mwisho aliyokuwa nayo. Anaharisha, anapata nafuu ya nusu siku, kesho yake amekauka kuliko mwanzo na choo kinakaza tena. Kama siku tatu za maji, chumvi na chakula hazikutosha, afadhali aende zahanati apewe dawa ya kulainisha taratibu, aambiwe na kiasi cha maji ya kunywa nayo.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo asijiongezee chumvi kwa kusoma hesabu hizi. Amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu jasho lake linaweza kuhitaji kipimo kingine. Na kuna choo kigumu ambacho si cha jasho. Tumbo lililovimba na kuuma, mtu anatapika na hewa haipiti kabisa, ni dharura ya siku hiyohiyo. Choo cheusi kama lami, damu nyingi, kukonda bila sababu, au mwendo wa choo uliobadilika kwa wiki kadhaa kwa mtu aliyevuka miaka 40 vinahitaji uchunguzi hata kama ni msimu wa kaskazi. Na mkojo ukiwa wa rangi ya kola baada ya siku ya kazi nzito, misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Huyo asisubiri asubuhi.